Hojaji 300 au mahojiano 20? Hesabu ya kupima uchovu wa walimu Taita Taveta

Shilingi 50,000 na miezi minne. Hicho ndicho alicho nacho mwalimu wa shule ya upili mjini Voi anayesomea shahada ya uzamili huku akiendelea kufundisha. Anataka kujua ni kwa kiasi gani walimu wenzake wa kaunti ya Taita Taveta wamechoshwa na kazi, na kwa nini. Pendekezo lake la utafiti liko mezani kwa msimamizi wake, na limekwama kwenye sura ya tatu: agawe hojaji kwa walimu 300, au akae na walimu 20 awahoji mmoja mmoja?

Wawili hawa ni wa mfano, na bei zilizomo humu ni makadirio ya bajeti ambayo msomaji anaweza kuyabadilisha kwa bei za kwao. Lakini swali lao linaulizwa kila muhula katika ofisi za wasimamizi, na mara nyingi linajibiwa kwa mazoea badala ya hesabu.

"Daktari, mimi naegemea hojaji," mwanafunzi anaanza. "Ni rahisi, na watu 300 ni wengi."

"Ni rahisi kwa nani, Mwalimu? Na hao 300 umewatoa wapi?"

Namba 300 ilikotoka

Ameitoa kwenye kanuni ya Taro Yamane ya mwaka 1967, ambayo mwanafunzi yeyote wa uzamili nchini Kenya anaifahamu: n = N / (1 + N × e²). Hapo N ni idadi ya walimu wote na e ni kosa linalokubalika. Tuseme orodha ya walimu wa shule za upili za umma katika kaunti ina majina 1,200, na kosa ni asilimia 5. Chini ya mstari unapata 1 + 1,200 × 0.0025, yaani 4. Gawanya 1,200 kwa 4, jibu ni 300. Jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, ambalo nalo hutumika sana, lingempa 291. Namba hizo mbili zinakaribiana, kwa hiyo mwanafunzi ana haki ya kujiamini.

"Hesabu yako ni sahihi," msimamizi anakubali. "Lakini kanuni hiyo inadhani umeandika majina 1,200 kwenye vikaratasi, ukavichanganya, ukachomoa 300 kimoja kimoja. Wewe hutafanya hivyo. Utaingia shuleni, utakuta walimu wamekaa kwenye chumba chao, na utawapa hojaji wote waliopo. Hilo tutalirudia. Kwanza nionyeshe pesa."

Jibu moja linagharimu kiasi gani

Mpango wa mwanafunzi ni shule 20, hojaji 20 kila shule, jumla nakala 400. Anatarajia robo tatu zirudi, ndipo apate 300. Hojaji ina kurasa nne, na kupiga kopi ukurasa ni shilingi 5, kwa hiyo nakala 400 ni shilingi 8,000. Kila shule ataifikia mara mbili, kupeleka na kukusanya. Ni safari 40, kwa wastani wa shilingi 500 kila moja, jumla 20,000. Mpango mzima unafika 28,000, ambazo ukizigawa kwa majibu 300 unapata shilingi 93 kwa jibu.

Wastani wa 500 unaficha tofauti kubwa. Shule za mjini Voi anaweza kuzifikia kwa miguu. Taveta iko takriban kilomita 110 kutoka Voi, upande wa pili wa Tsavo Magharibi, karibu na mpaka wa Tanzania. Kasighau unashuka Maungu kwenye barabara kuu ya Mombasa, kisha unatafuta bodaboda ya kuingia ndani. Hifadhi za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti, kwa hiyo barabara kati ya shule na shule mara nyingi hupita mahali pasipo na watu wala magari mengi. Mtafiti aliyebanwa na pesa huanza kuzikwepa shule za mbali bila kujitangazia. Anazibadilisha na za karibu, halafu anaandika kwamba amechunguza kaunti nzima.

Upande wa mahojiano, watu 20 wanahitaji kama safari 25, kwa sababu wapo watakaoahirisha: mwalimu ameitwa kusimamia mtihani, au amepewa ruhusa ghafla. Safari hizo ni shilingi 12,500, na muda wa maongezi wa kupanga miadi 1,500. Mpaka hapo ni 14,000, nusu ya gharama ya hojaji, na mwanafunzi anashangaa.

"Usifurahie bado," msimamizi anamwambia. "Mazungumzo ya saa moja unayaandika kwa saa ngapi?"

Kazi ya kusikiliza sauti na kuiandika neno kwa neno hula saa nne hadi sita kwa kila saa moja iliyorekodiwa. Hapa inaweza kufika sita, kwa sababu mwalimu wa Taita huanza sentensi kwa Kiswahili, akaipitisha kwa Kiingereza, na linapomchoma jambo akalisema kwa Kidawida. Tukichukua saa tano, mahojiano 20 ni saa 100. Akimlipa mtu shilingi 1,500 kwa kila saa iliyorekodiwa, anaongeza 30,000, na jumla inapanda hadi 44,000. Sasa kila mhojiwa amegharimu shilingi 2,200, zaidi ya mara 23 ya jibu moja la hojaji.

Akiandika mwenyewe anaokoa pesa lakini analipa kwa muda. Hojaji 300, kwa dakika kumi kila moja kuziingiza kwenye kompyuta, ni saa 50. Mahojiano 20 ni saa 100 za kuandika, kisha saa nne kwa kila mhojiwa za kusoma na kupanga maelezo kwa mada, yaani 80 nyingine. Ni saa 180 dhidi ya 50. Kwa mtu mwenye vipindi vya kufundisha na madaftari ya kusahihisha, saa ndizo zenye uhaba kuliko shilingi.

"Basi hojaji imeshinda," mwanafunzi anasema.

"Imeshinda bei. Tuangalie kama unachonunua ni majibu 300 kweli."

Watu 300 wanaohesabika kama 125

Walimu wa shule moja wana mwalimu mkuu mmoja, wanafunzi wale wale, nyumba zile zile na ratiba ile ile. Kama mkuu ni mkali, wote wanamwona. Kama shule imepungukiwa walimu wanne, waliobaki wote wanabeba vipindi vyao. Ukishawauliza watano, wa sita hakuongezei mengi. Ni kama kuonja wali kijiko cha kumi na tano kwenye sufuria ile ile na kudai umeonja harusi nzima.

Watakwimu wana namna ya kulipima hilo. Unachukua idadi ya watu kwa kila shule, unatoa moja, unazidisha kwa kiwango cha kufanana kwao, kisha unaongeza moja. Jibu ndilo unalogawia sampuli yako. Tuseme kiwango cha kufanana ni 0.1. Kwa watu 15 kila shule: 14 mara 0.1 ni 1.4, ongeza 1, unapata 2.4. Gawanya 300 kwa 2.4, linabaki 125. Kwa usahihi wa takwimu, walimu 300 kutoka shule 20 ni sawa na walimu 125 waliochomolewa mmoja mmoja.

Hapo msimamizi anachora jedwali dogo nyuma ya pendekezo:

| Shule | Majibu kwa shule | Jumla ya majibu | Thamani halisi |
|---|---|---|---|
| 20 | 15 | 300 | 125 |
| 30 | 5 | 150 | 107 |
| 40 | 5 | 200 | 143 |
| 60 | 5 | 300 | 214 |

Mstari wa tatu ndio wa kutazama. Majibu 200 kutoka shule 40 yana uzito kuliko majibu 300 kutoka shule 20. Kama swali ni asilimia ya walimu waliosema jambo fulani, na nusu yao wamelisema, basi, bila kuzingatia kwamba orodha nzima ni majina 1,200, majibu 300 yaliyochomolewa mmoja mmoja yangekuwa na kosa la kama asilimia 5.7 kila upande. Mpango wa shule 20 una 8.8, na mpango wa shule 40 una 8.2, ingawa una watu 100 pungufu.

"Lakini shule 40 ni nauli maradufu, Daktari."

"Si maradufu ukiacha kwenda mara mbili. Fika wakati wa mapumziko ya chai, wagawie, kaa nje, waandike, wakurudishie. Shule ya pili uiwahi wakati wa chakula cha mchana. Ni safari 40, kama ulivyopanga."

Njia hii ina faida nyingine. Hojaji iliyoachwa shuleni wiki moja huishia kujazwa na mtu mmoja kwa niaba ya watatu, au hufunikwa na vitabu kwenye meza ya naibu. Inayojazwa mtafiti akiwa pale hurudi siku hiyo hiyo.

Mwanafunzi anauliza habari ya fomu ya Google: aisambaze kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu, bila nauli wala karatasi. Msimamizi hakatai kwamba ni bure. Tatizo ni kwamba kiungo kikishasambaa, hakuna anayejua kimefikia walimu wangapi. Majibu 180 yanaweza kuwa kati ya watu 200 waliofikiwa au kati ya watu 2,000, na mmoja anaweza kujaza mara mbili. Usipojua waliofikiwa, huwezi kutaja kiwango cha waliojibu. Na katika uchovu wa kazi, aliyechoka zaidi ndiye anayepita fomu bila kuifungua, au yule mwenye uchungu ndiye anayeikimbilia. Hujui ni yupi uliyempata.

Ndani ya hojaji yenyewe

Kipimo kinachotajwa zaidi duniani ni cha Christina Maslach na Susan Jackson, kilichotoka mwaka 1981. Toleo la walimu lina maswali 22, na hulipiwa kwa kila nakala. Kwa nakala mia mbili tatu, ada hiyo ingekula sehemu kubwa ya bajeti. Msimamizi anapendekeza kipimo cha Copenhagen, kilichochapishwa na Tage Kristensen na wenzake wa Denmark mwaka 2005. Kina maswali 19 na hutumika bure: sita kuhusu uchovu wa mtu kwa jumla, saba kuhusu kazi, na sita kuhusu watu anaowahudumia, ambao hapa ni wanafunzi.

Tuchukue karatasi moja tuihesabu. Kila jibu hupewa 0, 25, 50, 75 au 100, kuanzia "kamwe" hadi "daima", au kuanzia "kidogo sana" hadi "sana kabisa", kulingana na swali. Kwenye yale saba ya kazi, mwalimu amepata 75, 75, 50, 100, 75 na 50. Swali la saba linauliza kama anabaki na nguvu za kukaa na familia na marafiki. Amejibu "mara chache", ambayo ni 25. Lakini swali hili limegeuzwa: nguvu kidogo maana yake ni uchovu mwingi, kwa hiyo 25 inakuwa 75. Jumla ni 500, ukigawa kwa 7 unapata 71.4. Mtafiti akisahau kugeuza atapata 64.3, na kosa hilo litapita kwenye karatasi zote 200 bila kompyuta kulalamika.

Swali hilo lililogeuzwa ndilo pia linalowakamata waliojaza bila kusoma. Aliyezungushia jibu la juu kabisa toka mwanzo hadi mwisho amesema kazi inamchosha kila saa na pia kwamba daima ana nguvu nyumbani. Karatasi za namna hiyo zihesabiwe na zitajwe kwenye ripoti. Zikizidi kumi katika 200, kuna shule ambako hojaji zilijazwa kwa haraka, na inafaa kuangalia ni ipi.

Kuna jambo ambalo hata karatasi safi haitasema. Mwalimu aliyechoka kupita kiasi huenda hayuko chumbani siku ile: yuko kwenye ruhusa ya ugonjwa, ameomba uhamisho, au ameacha kazi. Hojaji hupima waliobaki. Msimu nao una uzito. Muhula wa tatu, mitihani ya kitaifa ikiwa mbele, si sawa na wiki ya pili ya muhula wa kwanza. Shule zote 40 zifikiwe ndani ya sehemu moja ya muhula, la sivyo tofauti kati ya Wundanyi na Taveta itakuwa tofauti kati ya Mei na Julai.

Kile ambacho 71.4 haisemi

"Sasa una mwalimu wa 71.4," msimamizi anasema. "Kwa nini amefika huko?"

Mwanafunzi anataja yaliyomo kwenye sehemu ya pili ya hojaji: idadi ya vipindi, ukubwa wa darasa, mshahara, uongozi.

"Na kama sababu yake haimo kwenye orodha yako?"

Huo ndio mpaka wa hojaji: haiwezi kuleta jibu ambalo mtunzi hakulifikiria. Mwalimu anayeishi karibu na Tsavo anaweza kukwambia kwamba maandalio ya jioni hayawezekani, kwa sababu ndovu wakitoka lazima awe ndani kabla ya giza. Aliyehamishwa kutoka kaunti nyingine anaweza kusema kwamba kazi anaiweza, kinachomtafuna ni kuendesha nyumba mbili kwa mshahara mmoja. Hayo hayapatikani kwa kuzungushia namba.

Wahojiwe wangapi? Greg Guest na wenzake walilichunguza hili mwaka 2006, kwa mahojiano 60 waliyofanya na wanawake wa Ghana na Nigeria. Waliona kwamba karibu mada zote zilikuwa zimejitokeza kufikia mahojiano ya 12. Namba hiyo inafaa pale waliohojiwa wanapofanana kiasi na swali ni jembamba. Walimu wa upili wa kaunti moja, wakiulizwa jambo moja, wanaingia humo. Lakini 12 haiwezi kuzaa asilimia. Watu wanane kati ya 12 wakitaja nyumba mbili, huandiki "asilimia 67 ya walimu". Unaandika kwamba jambo hilo lilijirudia, na unaeleza linavyofanya kazi.

Mahojiano yana mtego wake pia. Mhoji ni mwalimu, na anaowahoji ni wenzake. Akiuliza, "Wewe unachoka kwa sababu ya mzigo wa vipindi, sivyo?", atajibiwa ndiyo mara 12. Msimamizi anamtaka aanze hivi: "Nieleze siku yako ya jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala." Sababu zitajitokeza zenyewe, na kwa mpangilio wa mhojiwa.

Bahasha na kikaratasi

Kabla ya yote kuna kibali cha NACOSTI, kisha kupita kwa Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti. Hayo ni lazima kwa njia zote mbili, hivyo hayabadilishi uamuzi. Kinachoubadilisha ni siri. Shule ndogo ikiwa na mwalimu mmoja wa kike wa fizikia, hojaji inayouliza jinsia, somo na miaka ya kazi imeshamtaja kwa jina. Maswali hayo yapunguzwe: miaka iwe kwa makundi mapana, somo liondolewe. Kila nakala iwe na bahasha ya kufunga, na isipite kwenye mikono ya mwalimu mkuu hata kwa heshima.

Lakini mwanafunzi anataka kuwahoji wale waliopata alama za juu. Atawajuaje ikiwa hojaji haina jina?

"Weka kikaratasi cha kukata mwishoni," msimamizi anajibu. "Anayekubali kuhojiwa aandike namba ya simu. Kikaratasi na hojaji viwe na namba moja ya siri, ukavitenganishe siku hiyo hiyo. Na ripoti iseme wazi kwamba uliowahoji ni waliojitolea."

Bajeti iliyopitishwa

Walikubaliana hivi. Mahojiano manne kwanza, moja kila kaunti ndogo: Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, katika shule zisizo kwenye sampuli, ili hojaji iandikwe kwa yale walimu wenyewe waliyoyataja. Kisha hojaji katika shule 40, nakala saba kila moja, kwa matarajio ya majibu matano. Mwisho mahojiano manane na waliojitolea, kutoka alama za juu na za chini.

Nakala 280 ni shilingi 5,600, bahasha 1,400, safari za shule 20,000: jumla 27,000. Mahojiano 12, kwa safari 14 na muda wa maongezi, ni 8,000. Zote ni 35,000, na 15,000 zinabaki kwa kibali, shule za kurudiwa na kuchapisha tasnifu. Kwa muda: siku 20 za kwenda mashuleni, ambazo lazima aziombee ruhusa kwa kuwa shule hufunguliwa siku zile zile anazofundisha. Kisha saa 33 za kuingiza hojaji, 60 za kuandika mahojiano na 48 za kuyachambua. Ni saa 141. Kwa saa mbili kila jioni ya kazi na nne Jumamosi, ni wiki kumi.

Kuna jambo moja ambalo mpango huu hauwezi, na mwanafunzi alilazimika kulifuta kwenye malengo yake: kuzipanga kaunti ndogo nne kwa uchovu. Majibu 200 yakigawanywa kwa nne ni 50 kila moja, yenye thamani ya kama 36, na kosa la asilimia 16 kila upande. Tofauti itakayoonekana kati ya Mwatate na Wundanyi inaweza kuwa bahati tu.

Kwa hiyo, anayeketi kuandika sura ya tatu asianze na hojaji wala mahojiano. Aandike sentensi moja anayotaka kuisema mwishoni mwa tasnifu. Ikianza na "walimu wengi kiasi gani", agawe hojaji, na ahesabu shule kabla ya watu. Ikianza na "kwa nini", akae na watu 12 na atenge saa za kuandika. Akitaka zote mbili kwa shilingi 50,000, apunguze hojaji za kila shule, si idadi ya shule.